Hotuba ya ukumbini haifai kusomwa Zoom: namna ninavyoiandika upya

Kabla ya msimu wa korosho huwa natoa mafunzo kwa makatibu na makarani wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kuhusu ukaushaji na upangaji wa madaraja. Siku hizi vikao vingi hufanyika Zoom. Mimi niko Mtwara mjini, wenzangu wako Newala, Tandahimba na Nachingwea, na kamera zao zimezimwa ili kuokoa bando. Ninachoona ni visanduku vyeusi vyenye majina.

Ukumbini ukiona watu wamekunja uso unarudia palepale. Mtandaoni huoni kitu, kwa hiyo kazi ya macho lazima ifanywe na maandishi. Ninapoandika, namfikiria karani mmoja: ameitwa nje kupokea mzigo, anarudi dakika nne baadaye na kuchukua simu. Sentensi ya kwanza atakayoisikia itamrudisha kwenye mada, au itamwacha nje?

Chukua kipande hiki, kilivyokuwa kwenye hotuba ya ukumbini: "Kama nilivyosema awali, hili nalo lina madhara yaleyale, na kama mnavyoona hapa, tofauti ni kubwa. Tuko pamoja?" Aliyerudi sasa hivi hajui "hili" ni lipi, "awali" hakuwepo, na "hapa" hakumsaidii anayesikiliza huku simu iko mfukoni. Nikakiandika hivi: "Bado tuko kwenye kukausha. Korosho iliyookotwa ianikwe juani siku mbili hadi tatu kabla ya kuingia ghalani. Ikiingia na unyevu itavunda ndani ya gunia, na mzigo utashuka daraja. Kwenye picha, gunia la kushoto lina korosho zilizoota ukungu." Nimetaja jina la kitu badala ya kiwakilishi, na nimeieleza picha kwa maneno. Sentensi fupi kama ile ya kwanza naiweka kila baada ya dakika tatu au nne. Aliyekuwepo muda wote haimchoshi, kwa sababu inataja mada na kusonga mbele bila kurudia somo.

Hiyo "Tuko pamoja?" niliifuta kabisa. Ukumbini huitikiwa, lakini Zoom hujibiwa na ukimya, na ukimya huo unaweza kuwa wa aliyeelewa, wa aliyekatika mtandao au wa aliyelala. Mahali pake naandika swali lenye jibu la herufi moja: "Umeletewa gunia lenye korosho kavu na mbichi zilizochanganywa. Utalipokea lilivyo? Andika N kwa ndiyo, H kwa hapana." Chini yake, kwa herufi kubwa: NYAMAZA, HESABU HADI 10. Maagizo hayo lazima yawemo kwenye maandishi, maana bila hayo utaogopa ukimya na kujijibu mwenyewe wakati wenzako bado wanatafuta pa kuandikia kwenye simu. Halafu naandika njia mbili: majibu mengi yakiwa H, naendelea, yakichanganyika au yakiwa machache, nina mfano wa pili tayari, mfupi zaidi.

Ukitaka jibu la sauti, taja mtu kwanza, swali lifuate. "Ndugu katibu wa Kitangari, hili nitakuuliza wewe." Kisha sema sentensi moja ya maelezo, ndipo uulize. Ukianza na swali na kumalizia na jina, atakuomba urudie, na wengine watatumia nafasi hiyo kuchungulia WhatsApp.

Kitu kinachowashika zaidi ni kuwa na jambo mkononi. Kwenye ujumbe wa mwaliko nawaomba waje na korosho chache kutoka ghalani. Kwenye maandishi naweka: "Chukua korosho mbili, zitikise karibu na sikio. Iliyokauka vizuri inatoa mlio ndani ya ganda." Usijaribu kuwatikisia wewe mbele ya maikrofoni: Zoom huchuja kelele zisizo sauti ya mtu, na mlio huo unaweza kufutwa kabla haujawafikia. Ukilazimika, washa "Original sound" kwenye mipangilio ya sauti kabla ya kuanza.

Nafasi zote hizi zinakula muda. Hotuba ya dakika 40 naikata hadi maneno ya dakika 25 hivi, na ninaanza kukata kwenye salamu ndefu za itifaki na historia ya zao. Maandishi nayaweka kwenye safu nyembamba chini ya kamera, mistari mifupi, ili macho yasitangetange.

Na kwa kuwa mtandao hukatika, sentensi tano nisizotaka mtu azikose nazirekodi pia kama ujumbe wa sauti, nazituma kwenye kundi la WhatsApp mara tu kikao kinapoisha.