"Mzuri Sana" Saa Nane za Usiku

*Mwalimu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinitumia ujumbe saa nane usiku: "Habari za usiku." Nilikuwa na usingizi, nikamjibu, "Mzuri sana, wewe je?" Asubuhi ndipo nikaambiwa baba yao alikuwa amefariki usiku huo. Mke wangu alikuwa huko kwao, na mpaka leo hanisemeshi vizuri. Nilitakiwa kujibu nini?*
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Poleni kwa msiba. Ulitakiwa kujibu, "Salama. Kwema?" Ni maneno mawili tu, na nitayafikia. Lakini kwanza, ndugu yangu, nipishe nimalizane na hilo "mzuri", maana nimekaa nalo rohoni siku nyingi nikingoja mtu aniletee sababu.

Mzuri ni nani? Habari iko katika ngeli ya I-ZI: habari imefika, habari zimefika. Kivumishi -zuri kikiingia humo huwa nzuri, na -ema huwa njema, iwe umoja au wingi. Ndiyo maana uulizwe "habari ya" au "habari za", jibu ni lile lile. "Mzuri" ni wa mtu: kijana mzuri, mgeni mzuri. Ni wa mti pia, hata wa ukuta. Kwa hiyo anayeulizwa habari akajibu "mzuri sana" ameiacha habari pale ilipo na kuanza kusifu sura yake. Hebu jiweke mahali pa shemeji yako. Mzee amekata roho, watu wamejaa sebuleni, kila mtu anauliza nani ameshaambiwa na nani bado. Kijana anashika simu, anakuandikia kwa adabu zote, "Habari za usiku." Nawe unamjulisha kwamba u mzuri. Tena sana. Halafu unataka kujua kama naye ni mzuri.

Watetezi wa "mzuri" nawajua, na hoja yao ina ujanja kidogo. Wanasema: kilichoulizwa ni za usiku, usiku uko ngeli ya U, nao usiku huwa mzuri, kwa hiyo jibu limepatana na usiku. Sawa. Sasa muulize mtu huyo huyo saa sita mchana, "Habari za kazi?" Atakwambia, "Mzuri." Lini kazi ikawa mzuri? Muulize, "Habari za watoto?" "Mzuri." Watoto wake watano wamegeuka mmoja. Usiku hauhusiki hapa hata chembe. Kinachoulizwa ni habari, na hilo lijalo nyuma yake linaeleza tu ni habari za wapi. Ukiuliza bei ya mkate hutarajii kujibiwa "mtamu".

Hiyo "sana" nayo nina dhana kuhusu inakotoka. Huku kwetu Mjaluo akiamkiwa "Oyawore" huitikia "Oyawore ahinya". Ukivuka kwenda Kericho na Nakuru, Mkalenjin akiambiwa "Chamgei" hurudisha "Chamgei mising". Hizo ahinya na mising ndizo sana zenyewe, na huko kwao zina heshima na mahali pake. Nadhani tulipohamia Kiswahili tulizibeba pamoja na vyombo vingine vya nyumbani, tukazipachika nyuma ya kila jibu bila kuangalia kama swali linazibeba. Waluhya wangeweza kutuonya. Wao huamkiana kwa "Mulembe", yaani amani, na hujibizana kwa amani hiyo hiyo, saa yoyote ya mchana au usiku.

Mchana simgusi mtu. Nikifika soko la Kibuye kununua omena nikamwamkia mama mwenye meza, akaniambia, "Mzuri sana, kastoma!" mimi huchukua gorogoro yangu nikaenda zangu. Nimezeeka, na omena haipungui kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Salamu ya mchana ni ada tu, haiulizi kitu. Ya saa nane usiku inauliza. Anayekuamkia wakati huo amelewa, amependa, au amepatwa na jambo. Wa kwanza na wa pili hawadhuriki ukiwajibu "Salama. Kwema?" Huyo wa tatu ndiye anayelihitaji jibu hilo.

"Salama" ina asili ya Kiarabu, imezaliwa pamoja na salamu, salimu na usalama. Uzuri wake ni kwamba haichukui kiambishi cha ngeli. Hata uwe umelala upande mmoja wa uso ukiandika kwa kidole gumba, huwezi kuikosea. Uzuri wake wa pili ni kwamba haishangilii. "Njema" ni sahihi kabisa kisarufi, nami sitamkosoa aliyeitumia, lakini ina furaha ndani yake. "Salama" inamwambia mwenzako jambo moja tu: huku kwetu hakuna aliyedhurika, kwa hiyo sema lako.

"Kwema" ndilo lenye kazi. Hiyo ni -ema iliyovaa kiambishi cha mahali, KU. Haikuulizi wewe hali yako. Inauliza huko uliko, nyumba, boma, watu waliolala humo na ambao hawakulala. Ndiyo maana hailingani na "wewe je?" uliyoandika. "Wewe je?" ilimbana shemeji yako aeleze nafsi yake, na nafsi yake haikuwa na ugonjwa wowote. Aliyekuwa na jambo ni mzee. Ukiuliza "kwema?" umempa nafasi ya kumtaja mtu mwingine bila kuanza sentensi upya.

Sasa sikiliza linavyojibiwa, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Kiswahili hakipendi kumrushia mtu msiba usoni. Hutanguliza wema, kisha kikageuka. Mtu ataandika, "Kwema, ila mzee…" au "Kwema kidogo." Asiyejua husoma neno la kwanza akavuta blanketi. Anayejua hulitafuta "ila". Akiliona, au akiliona "kidogo", au hata "tu" iliyokaa peke yake mwishoni mwa "salama tu", huamka akaketi kitandani na kuwasha taa. "Si kwema" bila kuzungukazunguka ni nadra, na ukiipata jua mambo yamezidi.

Kwa hiyo mazungumzo yenu yangekwenda hivi:

— Habari za usiku.
— Salama. Kwema?
— Kwema, ila mzee hatunaye tena.
— Lo! Poleni jamani. Napiga sasa hivi.

Angalia "poleni", kwa wingi, hata kama unamwandikia mtu mmoja, kwa kuwa kufiwa ni kwa nyumba nzima. Na ukishaandika "Kwema?" usikae kungoja tiki zigeuke buluu. Piga. Kuna watu ambao vidole vyao haviwezi kuandika neno "amefariki", na akisikia sauti yako atalisema au atalia, nawe utakuwa umejibiwa.

Jihadhari pia na tafsida za kanisani. Huku magharibi wapo wanaosema "mzee amelala" wakimaanisha hatuko naye. Mchana, katika mahubiri, hakuna anayekosea. Saa nane usiku ni mtego. Ukiandikiwa "Mzee amelala" usije ukajibu, "Afadhali, hata mimi nilikuwa nimelala." Jiulize kwanza kwa nini mtu akuamshe usiku wa manane kukuarifu kwamba mzee wa miaka themanini anasinzia.

Na kabla hamjaniandikia: ndiyo, nakumbuka orodha za maamkizi tulizokaririshwa darasani, na najua zilikuwa na "Alamsiki" iliyojibiwa "Binuru". Hiyo ni ya kuagana usiku. Mgeni anayebisha hodi akatanguliza "Alamsiki" ameshakuaga kabla hajaingia. "Usiku mwema" nayo ni hivyo hivyo. Ziacheni za kuondokea zibaki kuwa za kuondokea.

Kama salamu inakuja mlangoni badala ya simuni, mpangilio hubadilika kidogo. "Hodi" ya mchana hujibiwa "karibu". Ya usiku wa manane hujibiwa "Nani?" na hakuna utovu wa adabu hapo. Ukishaijua sauti, uliza "Kwema?" ungali ndani, ndipo ushike kitasa. Aliyekuja na ugonjwa au moto atakuambia papo hapo mlangoni, utoke ukiwa tayari umevaa viatu. Simu ya namba usiyoijua ifuate njia hiyo hiyo: "Salama. Nani mwenzangu?" kisha "Kwema?"

Utaniuliza kama shemeji yako hana kosa. Angeweza kuandika, "Habari za usiku. Si kwema huku, nipigie," na wewe usingeponzwa na usingizi. Lakini simlaumu. Alilelewa ajue kwamba hata mwenye kilio husalimu kwanza, na akakuachia wewe nafasi ya kuuliza. Ninaowalaumu ni wale wanaotuma "Habari" tupu saa nane usiku, moyo wako ukaruka, ukauliza kwema mara tatu, kumbe wanataka umkopeshe mtu elfu mbili mpaka mwisho wa mwezi. Hao ndio waliotuzoesha kujibu ovyo.

Kwa mama watoto sina dawa ya kisarufi. Ila kama matanga hayajaanuliwa, nenda tena, na safari hii fika na neno lenyewe. Waliofiwa huamkiwa kwa "Makiwa." Wazee watakujibu "Tunayo", na wengine "Yamepita". Vijana wa boma huenda wakakukodolea macho kwa kuwa hawajawahi kulisikia. Hao waambie "poleni", inawatosha.