Maswali na Majibu: Je, Wengi Huelekea Ukweli?

Wahenga walisema "wengi wape". Je, walimaanisha kwamba walio wengi ndio wenye ukweli? (Msomaji, Tanga)

Msemo huo huendelea hivi: usipowapa, watachukua wenyewe. Unazungumzia nguvu ya wengi, na juu ya usahihi wao hausemi lolote. Aliyejaribu kuthibitisha kwa hesabu kwamba wengi wanaweza pia kuwa sahihi ni Mfaransa aliyeitwa Condorcet, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1785, na hoja yake hujulikana leo kama kanuni ya juri, kwa kuwa mfano wake wa asili ni watu wanaoamua kwa kura iwapo mshtakiwa ana hatia au hana.

Tuchukue watu watatu, ambao kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 60 wa kutoa uamuzi sahihi. Uwezekano wa wote watatu kupatia ni asilimia 21.6, na uwezekano wa wawili kupatia huku mmoja akikosea ni asilimia 43.2. Katika hali zote mbili wengi wamepatia, kwa hiyo ukijumlisha unapata asilimia 64.8, ambayo tayari inamzidi kila mmoja wao akiamua peke yake. Wakiwa watano, uwezekano unafika kama asilimia 68. Wakiwa 101, unakaribia asilimia 98. Hakuna aliyeongezewa akili hapo. Kilichotokea ni kwamba makosa ya mmoja mmoja yametawanyika huku na huku, ilhali mwelekeo mdogo wa kupatia, ambao wote wanao, umejikusanya upande mmoja.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, nao hutajwa mara chache mno na wanaoipenda. Kama kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 40 tu, kwa sababu ya uvumi au chuki iliyoenea kwa wote, wengi kati ya watu 101 watapatia kwa uwezekano wa takribani asilimia 2. Umati uliopotoshwa hukosea kwa uhakika zaidi kadiri unavyoongezeka. Condorcet aliliona jambo hili waziwazi, naye alikuwa pia mtetezi mkubwa wa elimu ya umma: mwaka 1792 aliwasilisha mbele ya Bunge la Ufaransa mpango wa elimu kwa wananchi wote.

Nikimweka profesa mmoja wa uchumi upande huu na wakulima wa kijiji kizima upande ule, kweli unaniambia wakulima watamshinda? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Wanaweza, ila kwa masharti makali. Mtaalamu mwenye uwezekano wa asilimia 90 wa kupatia hufikiwa na watu 41 wenye asilimia 60 kila mmoja, na kuanzia hapo kadiri wanavyoongezeka ndivyo wanavyopanda juu yake. Hata hivyo hesabu hiyo inadai kwamba swali liwe na jibu moja sahihi kati ya mawili, kwamba wastani wa wapiga kura uwe juu ya nusu, na kwamba kila mmoja akosee kwa sababu zake mwenyewe. Sharti hili la tatu ndilo ninalokuomba ulitazame kwa makini, kwa kuwa ndilo linalovunjika kila siku bila watu kutambua.

Tuseme wapiga kura ni 105, na kila mmoja bado ana asilimia zake 60, lakini wamegawanyika katika makundi matano ya watu 21, na kila kundi hupiga kura kama kiongozi wake anavyosema. Mbele yako una karatasi 105, lakini maamuzi yaliyofanyika ni matano tu, na uwezekano wa wengi kupatia umeporomoka kutoka takribani asilimia 98 hadi 68. Kama wote 105 wanamsikiliza mtu mmoja, wamerudi kwenye asilimia 60, na umati wote haujaongeza chochote.

Simaanishi kwamba watu wasijadiliane. Mjadala unaoleta taarifa mpya humpandisha kila mmoja uwezekano wake wa kupatia, na faida hiyo inaweza kuzidi hasara ya kuathiriana. Hatari huingia pale mjadala unapopeleka hitimisho bila kupeleka sababu. Njia rahisi ya kupima ni kuwauliza watu wa upande mmoja, mmoja mmoja, kwa nini wameamua hivyo: wakitoa sababu mbalimbali, una maamuzi mengi, wakirudia sentensi ile ile, una uamuzi mmoja uliohesabiwa mara nyingi.

Kwa nini basi tusiwaachie wataalamu? Daktari hapigiwi kura na wagonjwa. (Msomaji, Nairobi)

Hoja yako ina nguvu, na ni ya zamani kama Plato. Katika mambo ambayo kosa huonekana haraka na aliyekosea huwajibika, kama vile kipimo cha dawa, nami namfuata mtaalamu bila kusita. Ila wataalamu nao wako chini ya kanuni ile ile. Watatu wenye asilimia 90 kila mmoja, wakikosea kwa sababu tofauti, wengi wao watapatia kwa asilimia 97; lakini wakiwa wamesoma mambo yale yale na kutazama ushahidi ule ule, huenda wasizidi sana asilimia 90 za mtu mmoja.

Tanganyika ililiona hilo katika mpango wa karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Lakini walizunguka pamoja, kwa wiki chache, wakapendekeza karanga zilimwe kwa mashine kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa, kazi ilipoanzia, iko katika nchi ya Wagogo, inayojulikana kwa ukame na njaa. Udongo wake hukakamaa wakati wa kiangazi, karanga zisiweze kung'olewa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na takribani pauni milioni 36 zikafutwa. Wakulima wa Ugogo walikuwa na ujuzi wa mvua na udongo wa kwao, lakini hawakuwa na kura katika uamuzi ule.

Je, tukimpa kila mtu kura, lakini aliyesoma tumwongezee? (Mwalimu, Kisumu)

Wazo hilo lilitetewa na mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill mwaka 1861, na Kenya imewahi kulijaribu. Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Machi 1957, walipiga kura chini ya utaratibu uliotokana na ripoti ya Walter Coutts: mtu aliweza kuwa na hadi kura tatu kulingana na sifa kama elimu, kipato, mali na utumishi. Kihesabu, kumpa uzito zaidi anayepatia zaidi ni jambo sahihi. Tatizo ni kwamba mizani hushikwa na mtu. Mkoa wa Kati, katika kipindi cha hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa bila cheti cha uaminifu kwa serikali, na Wakikuyu wengi wakabaki nje. Eliud Mathu, Mkikuyu na Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo mwaka 1944, alishindwa na Bernard Mate wa Meru. Cheti kile hakikupima iwapo mwenye nacho anaelewa kodi, ardhi au shule kuliko jirani yake; kilipima kama aliwaunga mkono waliokitoa, na hao walikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuhukumiwa na kura yenyewe.