Jinsi ya kumwandikia mteja aliyeacha kuagiza bila kumtia haya

Mteja wa duka la vyakula mtandaoni akiacha kuagiza, mara nyingi hajakasirika. Wiki moja alipita kwa mama mboga akirudi kazini, ya pili akawa na wageni waliokuja na vikapu vyao, na kufikia ya nne anaona haya kurudi. Malindi ni mji mdogo. Kijana wa boda aliyekuwa akimletea mzigo anakutana naye njiani kila mara, na anayefunga oda huenda ni mtoto wa jirani. Haya hiyo inamzuia kuliko bei.

Mimi huandika barua pepe za duka moja la vyakula hapa mjini, na nyingi ya barua za aina hii ninazoletewa nizitazame, za duka letu na za wenzetu, zinaongeza haya badala ya kuiondoa. "Umetutupa!" "Mbona kimya hivyo?" "Ni siku 74 tangu uagize mara ya mwisho." Ana kwa ana, mtu akikwambia umemtupa, anasema huku akicheka na mkono wako ameushika. Kwenye simu, saa nne za usiku, kicheko hakipo. Kinachobaki ni lawama, na kuhesabiwa siku.

Kwanza hakikisha kweli ameacha. Usitumie kipimo kimoja kwa wote. Nyumba iliyokuwa ikiagiza kila Alhamisi ikikosa wiki nne mfululizo, hapo kuna jambo. Anayenunua unga, mchele na mafuta mwisho wa mwezi, ngoja akose mishahara miwili. Wenye nyumba za likizo kule Casuarina na Mayungu wanakuja msimu wa kaskazi na kuondoka mvua za masika zikikaribia. Ukiwaandikia Juni kwamba wamepotea unajionyesha hujui wateja wako. Waandikie Novemba. Ramadhani nayo usiihesabu, kwa sababu mwezi huo kila nyumba hubadilisha namna ya kununua.

Ukishapata majina, usikimbilie kuandika. Fungua oda ya mwisho ya kila mmoja. Usitazame alichopenda kununua mwaka mzima. Tazama ile oda moja ya mwisho na kilichotokea ndani yake. Je, ilichelewa? Kuna kitu kilikosekana? Kuna kitu alichoagiza kikabadilishwa? Muulize na kijana wa boda, kwa maana yeye ndiye aliyeona uso wa mteja mfuko ulipofunguliwa.

Chukua kundi moja tu, tulifuate mpaka mwisho: wale ambao oda yao ya mwisho ilibadilishwa bila kuulizwa. Mama aliagiza nazi nne za kukuna na changu kilo mbili kwa chakula cha Ijumaa. Soko lilikuwa limeishiwa nazi nzuri, mfungaji akaona amsaidie, akaweka tui la pakiti. Badala ya changu akaweka tafi. Mama hakulalamika. Alilipa, akapika alichopata, na hakuagiza tena. Kwenye vitabu vya duka oda hiyo inaonekana imefika salama na kwa wakati, kwa hiyo bila kuifungua huwezi kujua.

Mama huyu ukimtumia punguzo la asilimia 10, hujagusa kilichomuudhi. Kwa oda ya shilingi 2,500 umempa 250, na faida ya mboga na unga ni nyembamba, huenda hizo 250 ndizo karibu faida yako yote. Yeye bado ana hofu ya kuletewa tui la pakiti mbele ya wageni. Tena anayerudi kwa punguzo husubiri punguzo jingine. Sababu ya kumrudisha iko dukani kwako, mezani pa kufungia oda: asibadilishiwe kitu bila kuulizwa.

Basi kabla ya barua, badilisha kazi yenyewe. Mfungaji apewe simu ya duka, na kitu kikikosekana atume ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya kilichopo. Mteja asipojibu kwa dakika 15, kitu kinatolewa na pesa yake inarudishwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Lijaribu jambo hili Ijumaa asubuhi, wakati oda zimejaa na kila mtu ana haraka, kwa sababu Jumanne kila utaratibu hufanya kazi. Ikiwa Ijumaa mfungaji bado anabadilisha kimyakimya, barua isubiri. Ahadi ikivunjwa mara ya pili, mteja huyo hutamwona tena.

Na kama kuna mtu katika orodha mnayedaiwa naye, hata shilingi 80 za tofauti ya bei, mlipeni kwanza. Pesa iingie kwenye simu yake na mtu wa duka ampigie. Aliyewahi kulalamika naye apigiwe, aombwe radhi yeye kwa jina lake. Wote wawili watolewe kwenye barua ya jumla.

Sasa barua. Hii ndiyo ningemtumia mama wa nazi na wenzake:

Kichwa: Nazi ikikosekana tunakuuliza

Mstari unaoonekana chini ya kichwa: Usipojibu, tunaitoa na pesa yako inarudi.

"Habari za leo.

Tumebadilisha namna tunavyofunga oda. Kitu ulichoagiza kikikosekana sokoni, tunakutumia picha ya kilichopo kwa WhatsApp kabla ya kuweka chochote. Ukikubali tunaweka. Ukikataa, au ukiwa na shughuli usijibu kwa dakika 15, tunakitoa na pesa yake inarudi M-Pesa siku hiyo hiyo.

Wiki hii kuna nazi za kukuna, mbatata, tungule na dania. Oda ya kabla ya saa 3 asubuhi inafika kabla ya adhuhuri.

Tazama vilivyopo leo

Ukiwa na swali, jibu barua hii hii. Inasomwa na mtu dukani. Ukipenda tusikuandikie tena, bonyeza hapa, na hatutakuandikia."

Kichwa ni kifupi kwa makusudi. Simu nyingi hukata kichwa cha barua baada ya herufi 35 hivi, na maneno mawili ya kwanza ndiyo yanayobeba habari. Nimeanza na nazi kwa kuwa ndiyo anayoikumbuka. Hakuna jina lake kwenye kichwa, wala maneno kama "kwa ajili yako tu", ambayo msomaji ameshayachoka.

Ndani ya barua hakuna lililosemwa juu yake. Hakuna alipokuwa, hakuna muda uliopita, hakuna kilichotokea kwenye oda yake. Jambo lote linalihusu duka: tulikuwa tunafanya hivi, sasa tunafanya hivi. Hata radhi sijaomba, kwa sababu radhi ndefu kwenye barua ya watu wengi inamlazimu msomaji aitikie, aseme "si kitu", na wengine katika kundi hawakuudhika kabisa. Anayesoma atajua mwenyewe kama habari hii inamgusa.

Orodha ya vilivyopo iandikwe asubuhi ya siku ya kutuma, na mtu aliyetoka kutazama mezani. Ona kwamba sikutaja samaki. Wakati wa kusi bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki kila siku, na kuahidi changu Julai ni kurudisha kosa lile lile mlangoni. Kaskazi ikitulia, ongeza samaki.

Kiungo cha "Tazama vilivyopo leo" nacho kichunguzwe. Mara nyingi kinamfikisha mteja kwenye ukurasa unaomtaka nenosiri ambalo ameshalisahau, au kwenye kikapu chake cha zamani chenye vitu visivyokuwapo na bei zilizopanda. Hapo anafunga simu. Kimpeleke moja kwa moja kwenye vitu vya leo, anwani yake ya zamani iwe bado ipo, na aingie kwa nambari ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Bonyeza mwenyewe kwa simu ya kawaida yenye bando dogo kabla ya kutuma.

Mlango wa kutoka usiufiche. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Isitoshe, asiyeona pa kujitoa hubonyeza kitufe cha kuripoti barua taka, na ripoti hizo zikizidi, Gmail huanza kuzipeleka hata barua za wateja wako wa kila wiki kwenye taka. Anayejitoa kwa amani anaweza kuagiza kesho bila barua yoyote.

Mimi hutuma Jumatano jioni, watu wakianza kuwaza chakula cha Ijumaa na cha mwisho wa wiki. Asipoagiza, barua ya pili iende baada ya wiki mbili, nayo iwe na sababu nyingine ya kweli, kwa mfano kwamba sasa mnafika Mambrui au Gede. Ukikosa sababu nyingine, usiandike. Baada ya hapo nyamaza mpaka kuna kipya.

Kujua kama imefaa, usitegemee idadi ya waliofungua. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakia picha za barua hata kabla mtu hajaisoma, kwa hiyo nambari hiyo inadanganya. Badala yake, toa mtu mmoja kwa kila kumi bila kuchagua, usimwandikie, kisha baada ya mwezi linganisha oda za pande mbili, kwa maana wapo watakaorudi wenyewe bila barua. Orodha ya watu 200 inakupa 20 tu wa kulinganisha nao, hao ni wachache mno kwa mara moja. Rudia kwa makundi kadhaa ndipo uamini. Na hesabu oda ya pili kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni ya kujaribu.

Kuna dalili moja ambayo hakuna programu itakayokuonyesha: soma majibu. Wateja wakijibu "samahani nilisafiri", "tulikuwa na mgonjwa", "pesa ilikuwa ngumu", barua yako imewauliza swali ambalo hukukusudia, na wanajitetea. Irudie, utafute sentensi iliyowahoji. Wakijibu "nazi ni shilingi ngapi?", iache kama ilivyo.

Mwisho zungumza na vijana wa boda kabla barua haijatoka, maana kazi yote inaweza kuharibika getini kwa "Ehe, leo umetukumbuka!" Wamsalimie, wamhesabie vitu vyake mbele yake kama kawaida, na kama kuna kilichokosekana wamwonyeshe ujumbe wa M-Pesa uliorudisha pesa.