Moluska kwa mtoto: kutibu au kuacha, na mdogo wake je?

*"Mwanangu wa miaka mitano ana vipele vinang'aa tumboni na ubavuni, daktari kasema ni moluska, vitaisha vyenyewe. Kweli niviache tu? Na mdogo wake wanaoga pamoja kila siku, si atampa?"*

Pole dada. Hii nimeipitia na wanangu wawili, alianza mkubwa mdogo akafuata, kwa hiyo nakupa ya kwangu pamoja na yale niliyoelezwa na daktari wa ngozi, maana nilimbana maswali mpaka akacheka.

Kwanza uwe na uhakika ndo yenyewe. Washa tochi ya simu umulike kipele kwa pembeni, usimulike kwa juu. Moluska ni kipele kigumu kidogo, juu kimeteleza, rangi ya ngozi au cheupe kinachong'aa, upana milimita 2 mpaka 5 hivi, na katikati kina kishimo kama kitovu. Vile vichanga kabisa kishimo hakijatokea, kwa hiyo angalia vile vikubwa. Ndani kuna kiini cheupe kizito, watu wengi wanadhani ni usaha wanaanza kukamua, kumbe kile kiini ndo kimejaa virusi, ukikitoa kikagusa ngozi ya pembeni umeshapanda vingine. Na kwa kuwa ni virusi, antibayotiki haisaidii, na zile krimu za fangasi ndo kabisaa, usipoteze hela.

Sasa kutibu au kuacha. Mimi niliacha na ningeacha tena, ila uelewe unachokubali: sio wiki mbili wala tatu. Kipele kimoja kinaweza kukaa miezi miwili kikaondoka, lakini wakati hicho kinaondoka vingine vinatoka, kwa hiyo jumla yake kwa watoto wengi ni miezi 6 mpaka 12, wengine mwaka na nusu, na wachache inazidi hapo. Hakuna kinachoharibika ndani ya mwili, kirusi kinaishi kwenye tabaka la juu la ngozi tu, hakiingii kwenye damu, na vikiisha hakibaki kimejificha kama kile cha tetekuwanga.

Matibabu yapo. Kuna kukwangua kwa kijiko kidogo maalum baada ya kupaka krimu ya ganzi, kuna kugandisha kwa naitrojeni ya maji, kuna dawa ya kantharidini ambayo daktari anaidondoshea kwenye kila kipele, inatoa lengelenge halafu ngozi inapona. Zinafanya kazi, sibishi. Shida ni kwamba kirusi kikishaingia kwenye ngozi kinakaa kama wiki 2 mpaka 7 ndo kipele kionekane, wakati mwingine hata zaidi, kwa hiyo leo unamkwangua vyote unavyoviona wiki ijayo vinachomoza vile ambavyo vilikuwa vimeshapandwa, unarudi tena, na mtoto wa miaka mitano akishaumizwa mara moja safari ya pili utambeba analia toka mlangoni. Kugandisha kunauma jamani, na kunaweza kuacha doa jeupe au jeusi. Kwa vipele vya tumboni vinavyofunikwa na fulana mimi sikuona sababu. Kama vinamkera sana, au anataniwa, au vinaongezeka kwa kasi, hapo mrudishe mkaongee matibabu, na dawa za kuunguza usinunue ukajipakia mwenyewe nyumbani.

Ila kuacha vipele sio kuacha ngozi, hapa ndo naona watu wengi hawaambiwi. Mkubwa wangu ana pumu ya ngozi, na ngozi kuzunguka vipele ilikauka ikawa na mabaka yanawasha balaa, hiyo inatokea hata kwa watoto ambao hawana pumu ya ngozi. Anajikuna, kucha inabeba kirusi inakiburuza, ukimwangalia ubavuni unakuta vipele vimejipanga kwenye mstari ulionyooka kabisa, ndo njia ya kucha hiyo. Kwa hiyo kilichotusaidia ni kutibu muwasho: mafuta mazito yasiyo na manukato kila akitoka kuoga, kucha fupi, na krimu ya haidrokotizoni aliyoandika daktari kwa siku chache kwenye yale mabaka yanayowasha, sio juu ya vipele. Muwasho ulipotulia vile vya mstari viliacha kuongezeka.

Kuna kitu kingine kitakutisha, nakwambia mapema. Siku moja utaamka ukute kipele kimoja au kadhaa vimevimba, vyekundu, vina kama ukoko. Mimi nilikimbia hospitali. Mara nyingi hiyo ni kinga ya mwili imeshakiona kirusi inapambana nacho, na vipele vya namna hiyo ndo vinaondoka. Tofauti na maambukizi ya bakteria ni hivi: kikiwa ni kinga, wekundu unaishia hapo hapo kwenye kipele, mtoto anacheza kama kawaida, ukigusa halalamiki sana. Kama wekundu unatambaa kutoka nje ya kipele, pana joto, panauma zaidi kila siku, usaha unatoka au ana homa, hiyo sio ya kusubiri.

Haya, mdogo mtu. Kusema ukweli inawezekana ameshapata na haijaonekana bado, kwa sababu ya hizo wiki nilizotaja. Kwa hiyo usihamishe vitanda wala kumfanya mkubwa ajione ana mkosi. Kirusi kinapita ngozi kwa ngozi na kwenye vitu vyenye majimaji vinavyogusa ngozi. Kuoga pamoja ndo njia yenyewe, maji ya beseni moja, sponji moja, midoli ile ile ya kuogea, halafu taulo moja inafuta wote wawili. Tenganisha hapo: kila mtu aoge kivyake, taulo yake na dodoki lake, visining'inie vikiwa vimegusana, na taulo zifuliwe kwa maji ya moto. Mkubwa alale na fulana, ile inafunika tumbo na ubavu kuliko plasta ishirini zinazobanduka usiku. Plasta weka kwenye vile vilivyo wazi mkononi au mguuni, hasa wakicheza kwa kukabana. Mkaguzi wa mdogo uwe wewe, kwapani na nyuma ya magoti ndo wangu vilianzia. Shule aende kama kawaida, hakuna haja ya kumfungia ndani.

Mwanangu mdogo alipata hata hivyo, ila vyake vilikuwa vichache sana na viliondoka kabla ya vya kaka yake. Mwenye ngozi kavu ndo anaumia zaidi, kwa hiyo kama huyo mdogo naye ana pumu ya ngozi anza kumpaka mafuta sasa hivi kabla hujaona kipele.

Ambacho usisubirie nyumbani ni kipele kwenye kope au karibu na jicho, maana kinaweza kulifanya jicho liwe jekundu na kutoa machozi kila wakati, hicho kinaangaliwa na daktari wa macho. Na mtoto ambaye kinga yake iko chini kwa ugonjwa au kwa dawa anazotumia, kwake vinaweza kuwa vikubwa na vingi mno, huyo habari ya kuacha viishe vyenyewe haimhusu mpaka daktari wake aseme.