Jasho nyuma ya jipsamu

"Nyumba ya babu, Mji wa Kale. Tumeweka sufi ya kioo, plastiki na jipsamu kwenye kuta kwa ndani ili kiyoyozi kifanye kazi vizuri. Mbona chumba kinanuka uvundo?"

Ndugu yangu, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 25 hivi au chini. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza mvuke na kuuachia pande zote mbili, na unene wake huchelewesha joto la mchana. Sasa mvuke wa nje unapenya hadi kwenye plastiki iliyopozwa na kiyoyozi, unageuka jasho, hauna pa kutokea.

Fungua bodi moja ya jipsamu. Plastiki ikiwa imelowa upande wa ukutani, ndiyo hiyo. Ikilowa chini tu, kagua mabomba kwanza. Mimi ningeng'oa vyote, nipige lipu ya chokaa (si saruji!), kiyoyozi nikiweke 26.