Mtoto akikwambia jambo: sera mpya ya ulinzi wa mtoto kwa wazazi na wanaojitolea

Wazazi wenzangu, na ninyi mliojiunga nasi juzi kujitolea: nakala ya sera mpya mtapewa na mtaitia sahihi. Sehemu kubwa inajieleza yenyewe. Mtu mzima hakai na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Picha ya mtoto haipigwi bila idhini ya mzazi. Ujumbe hautumwi kwa mtoto faraghani. Unapitia kwa mzazi, au kwenye kundi ambamo mzazi yumo. Hayo someni wenyewe. Mimi nitakaa kwenye sehemu ya kutoa taarifa, kwa sababu karibu kila kilichomo humo niliwahi kukikosea, wakati huo nikijitolea kwingine.

Tulikuwa tunakusanya mipira baada ya mazoezi. Mtoto wa miaka 9, ambaye siku zote huwa wa kwanza kuondoka, alibaki nyuma akihangaika na kamba ya kiatu ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Akasema bila kuniangalia, "Leo sitaki kupanda gari la kocha." Nikaruka na swali: "Kwa nini, anakushika vibaya?" Akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea: anakushika wapi, mara ngapi, nani mwingine anajua? Jioni mama yake akamuuliza upya. Kesho yake katibu naye akataka asikie mwenyewe. Afisa wa ustawi wa jamii alipokutana naye, mtoto alikuwa ameshaeleza mara tatu, na maelezo yalikuwa yanapishana hapa na pale, kama yanavyopishana ya mtu yeyote anayeulizwa jambo lilelile kwa namna tofauti. Afisa akaniuliza swali moja tu: "Neno 'kushika' lilitoka kwa nani?" Lilitoka kwangu. Mtoto hakuwa amelitamka.

Tena mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshampigia kocha simu usiku ule "ili apate nafasi ya kujieleza". Kocha akapata usiku mzima wa kufuta ujumbe kwenye simu yake na kuzungumza na watoto wengine kabla mtu hajawafikia.

Ndiyo maana sera inasema kazi yako si kuchunguza. Ni kupokea maneno ya mtoto na kuyafikisha yakiwa vilevile. Kwa vitendo: mwache aseme kwa mwendo wake, hata akinyamaza katikati. Ukilazimika kuuliza, swali lisibebe jibu ndani yake: "Nieleze," "Halafu ikawaje?" basi. Ukishaona kwamba jambo hili linahitaji kufikishwa, acha kuuliza, hata kama udadisi unakuwasha. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba si kosa lake. Zuia uso wako. Mtoto akiona umeshtuka, mara nyingi anarudi nyuma na kusema alikuwa anatania.

Akikwambia, "Niahidi hutamwambia mtu," usiahidi. Hili ni gumu kuliko yote, na nimeona watu wazima wakiahidi kwa huruma kisha kuvunja ahadi kesho yake. Jibu tunalofundisha ni hili: "Siwezi kuahidi hivyo, kwa sababu nataka usalama wako. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kusaidia watoto, wala sitawaambia wengine." Kisha mweleze kitakachofuata, ili asikae akingoja bila kujua anangoja nini.

Mtoto akishaondoka, kaa chini uandike kabla hujasimulia mtu yeyote. Kama siku ile ningesikiliza na kuandika ipasavyo, pengine ingekuwa hivi:

"Jumatano, saa 11:40 jioni, chumba cha vifaa, tulikuwa wawili, mlango wazi. Alisema: 'Leo sitaki kupanda gari la kocha.' Nikasema: 'Nieleze.' Akasema: 'Wengine wakishashuka anazunguka na mimi.' Alikuwa anaangalia chini na anavuta kamba ya kiatu. Sikuuliza zaidi."

Angalieni kilichokosekana. Hakuna "alikuwa na hofu", maana hofu sikuiona. Niliona anaangalia chini. Hakuna maoni yangu kuhusu kocha. Ukiona alama mwilini, andika ilipo na ukubwa wake, lakini usikadirie ni ya siku ngapi: rangi ya mchubuko haiwezi kukwambia hilo. Usimvue nguo, usimpige picha kwa simu yako.

Maandishi hayo unampa mratibu wa ulinzi wa mtoto mkononi, au unampigia simu kwanza, siku hiyohiyo kabla hujalala. Akikosekana, yupo msaidizi wake. Nambari za wote wawili zimebandikwa mlangoni. Kama unayemtilia shaka ni mratibu mwenyewe, mruke. Nenda kwa mwenyekiti, au moja kwa moja ustawi wa jamii au polisi; huhitaji ruhusa ya mtu kufanya hivyo. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, polisi kwanza, sisi baadaye. Na kama kuna dalili kwamba amefanyiwa ukatili wa kingono siku za karibuni, apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Asiogeshwe kwanza, na nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi.

Kundi la WhatsApp si mahali pa taarifa hizi, hata bila kutaja jina. "Kuna mtoto mmoja wa Jumatano" inatosha kwa wazazi ishirini kumjua.

Kwenye kikao cha kuitambulisha sera, baba mmoja aliuliza, "Kwa hiyo mtanificha habari za mwanangu?" Nilimjibu hivi, na nalirudia hapa: mzazi anaambiwa na mratibu, mapema iwezekanavyo, isipokuwa pale ambapo wasiwasi wenyewe unahusu nyumbani. Hapo tunauliza ustawi wa jamii kwanza ni nani aambiwe na lini, kwa kuwa mtoto atarudi kulala kwenye nyumba hiyo usiku huo. Hakufurahi, lakini alielewa.

Swali jingine linalorudi ni: nikikosea je? Aliyetoa taarifa kwa nia njema haadhibiwi wala haondolewi kwenye zamu, hata ikionekana hapakuwa na tatizo. Anayetunga uongo kwa makusudi ni habari nyingine. Leteni hata madogo. Mmoja ataona mtu anampa mtoto yuleyule pipi kila wiki, mwingine atasikia utani usiopendeza, wa tatu ataona lifti isiyokuwa kwenye ratiba. Kila mmoja peke yake atajiona mbeya. Mratibu akiyaweka maandishi matatu mezani, anaona kitu ambacho hakuna kati yenu angeweza kukiona.

Ukishatoa taarifa hutaambiwa kila kinachoendelea, na usimfuate mtoto kumuuliza kama ameitwa. Lakini una haki ya kuthibitishiwa kwamba imepokewa, ndani ya saa 24. Saa hizo zikipita kimya, mpigie mratibu umuulize, "Imefika?" Asipokuwa na jibu la kueleweka, peleka mwenyewe ustawi wa jamii.