Changeni mahindi Juni, si Kwaresma

Karibu kila parokia ninayoijua huku Dodoma hukusanya chakula cha wahitaji wakati wa Kwaresma. Ni desturi nzuri, ila kalenda yake haiendani na shamba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Mahindi huvunwa Mei na Juni, mtama na uwele hufuata, na ikifika Januari kaya nyingi zimeshaanza kukwangua ghala. Februari na Machi, ambako Kwaresma huangukia, ndiyo miezi ambayo hata mwenye moyo hana cha kutoa isipokuwa noti ya kununulia mahindi yaleyale aliyoyauza Julai kwa bei ya kutupa. Unaishia kupata vikombe vya unga na sabuni, na unawagawia watu wanaohitaji gunia.

Kwenye kigango chetu kamati ya Karitasi iligeuza mambo: tunakusanya wakati wa mavuno, tunahifadhi, tunagawa Januari hadi Machi. Kwaresma bado tunachanga, lakini hela hiyo inakwenda kwenye mafuta, chumvi na gharama ya kusaga. Ukitaka kuanzisha mpango wa namna hii kwenye kigango chako, usharika wako au msikiti wako, jua kwamba kukusanya ni rahisi. Kazi kubwa iko kwenye kuhifadhi, na kwenye kuamua nani apewe.

Tuanze na mahesabu, maana hayo ndiyo yatakayokuambia ukubwa wa ahadi unayoweza kutoa. Mashirika ya misaada hukadiria nafaka gramu 400 kwa mtu kwa siku pale ambapo kaya haina chakula kingine. Sisi hatuwezi hayo, na kaya zetu huwa hazijafikia hapo. Zina mboga, zina kibarua cha siku mbili tatu. Tukachukua nusu, gramu 200. Kaya ya watu watano inahitaji kilo moja kwa siku, yaani kilo 30 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu kilo 90. Chukulia mmepata magunia 11 ya kilo 100. Hizo ni kilo 1,100, na zinatosha kaya 12 tu. Kigango chenye kaya karibu 200 kitashangaa kusikia hivyo, kwa sababu magunia 11 yakipangwa ukutani yanaonekana mengi kweli. Wasomeeni waumini hesabu hii mapema, kabla wazee hawajaanza kuahidi watu. Kaya 40 zikipewa ndoo moja moja hakuna hata moja itakayofika Machi.

Kukusanya tunafanya kwenye jumuiya ndogondogo, siku ya sala yao. Kanisani Jumapili inapelekwa sahani moja ya nafaka wakati wa vipaji, basi; ukiwaambia watu wabebe madebe mpaka altareni, mwenye sado moja ataona aibu na kubaki nalo nyumbani. Vijana wa VIWAWA wanazunguka na mizani ya kuning'iniza na daftari. Pimeni kwa kilo, msihesabu madebe, kwa kuwa debe la mtu na mtu si moja na lile la kichwa ndilo linaloleta maneno. Mizani ileile itatumika siku ya kugawa, na kila mtu ameshaiona.

Hapohapo kwenye mizani ndipo pa kukataa. Tunakataa mambo matatu, na tunayatangaza wiki mbili kabla ili asionekane mtu kudhalilishwa. La kwanza ni mbegu iliyotiwa rangi, ya kijani au nyekundu, hata kama imeoshwa. Hiyo ina dawa ya sumu. La pili ni nafaka yenye ukungu, punje zilizobadilika rangi au kusinyaa. Mwaka 2016 mikoa yetu ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na Kenya mwaka 2004 walikufa zaidi ya 100 huko Makueni, Kitui na jirani zake. Sumu hii haitoki kwa kupika wala kwa kusaga. Punje inaweza pia kuwa nayo bila kuonyesha ukungu, kwa hiyo kuchambua kwa macho kunapunguza hatari bila kuiondoa. Kinachosaidia zaidi ni mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai badala ya udongo na kukaushwa upesi. Karanga hatupokei kabisa, kwa sababu nazo hushikwa na sumukuvu kirahisi. La tatu ni nafaka mbichi, na hili ndilo linalozua ubishi, kwa sababu kila mkulima atakuapia kwamba yake imekauka.

Ubishi huo unamalizwa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Jaza mahindi mpaka theluthi, weka vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yanarudi juani. Isipoganda, yamepita mtihani wa kwanza, lakini kwa mifuko tunayotumia sisi inatakiwa kama asilimia 13 na nusu. Kwa hiyo hata yaliyopita tunayaanika tena siku moja au mbili kwenye uwanja wa kanisa. Chumvi yenyewe ikaangwe kidogo kwanza kama imekaa wazi, la sivyo itaganda kwa unyevu wake yenyewe na mtamrudisha mtu bure.

Mifuko ninayoisema ni ile isiyopitisha hewa, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa jina la kinga njaa. Ina tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ngumu ndani na kiroba cha kawaida nje. Ilianza kutengenezwa kwa ajili ya kunde huko Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na inafanya kazi bila dawa. Fukusi waliomo humo wanamaliza hewa, wanaacha kula, wanakufa. Kwa chakula cha kugawia wagonjwa na watoto mimi napendelea hivyo kuliko kukisia kipimo cha dawa ya unga. Waulizeni wachangiaji kama wameshatia dawa. Mahindi ya namna hiyo yapangwe peke yake kwenye viroba vya kawaida na yasiguswe mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti upite.

Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa ndani, uzungushe shingo na uubane kama mpira. Ukisikia hewa inatoka, una tundu. Jaza ukishindilia pembeni, acha nafasi ya kufunga, sokota shingo ya mfuko wa kwanza, ikunje, ifunge kwa kamba ya mpira, halafu fanya hivyohivyo kwa wa pili na wa tatu. Pangeni juu ya chaga, mbali na ukuta ili muweze kupita nyuma na kuona panya. Adui mkubwa kuliko panya ni dumuzi, yule ambaye Tabora walimwita Skania. Ana meno ya kutoboa plastiki. Ukiona unga mwembamba sakafuni chini ya mfuko, ufungue siku hiyohiyo, pepeta, anika, hamisha. Mlango wetu una kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa katekista na mwingine kwa mama wa WAWATA asiye ndugu yake.

Mfuko ukifunguliwa hewa inaingia na wadudu waliosalia wanafufuka, kwa hiyo hatuchoti kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza kaya 12 kwa kilo 30 ni kilo 360. Tunafungua mifuko minne kwa siku moja na kinachobaki, kilo 40, kinatangulia mwezi unaofuata. Mwezi wa pili minne tena, wa tatu mitatu. Mwishoni zinabaki kilo 20 hivi, na kuna punje zilizomwagika.

Sasa orodha. Watu wengi huiandika Juni, siku wanayokusanya. Subirini Desemba. Juni hujui nani ataugua, nani mume ataondoka kwenda mjini asirudi, nani mtama wake utaliwa na ndege. Miaka yote kuna mtu aliyetoa debe Juni akawa kwenye orodha ya Januari, na mbele ya macho yangu hilo limewafanya wachangiaji waache kuzungumza habari za "masikini wetu". Desemba kila jumuiya inaleta majina, na majina yaleyale tunamwonyesha mwenyekiti wa kitongoji bila kumwambia yametoka kwa nani. Anajua kaya ambazo haziji kanisani, zikiwemo za majirani zetu Waislamu, na anajua pia shemeji wa kiongozi wa jumuiya aliyejipenyeza.

Mvutano utakuja kwenye jambo moja: tuna jumuiya 12 na nafasi 12, kila jumuiya itadai yake. Kataeni. Njaa haigawanyiki kwa usawa. Jumuiya ya bondeni inaweza kuwa na kaya tatu na ya barabarani isiwe nayo. Sisi tunauliza mambo matatu kwa kila jina: wanakula mara ngapi kwa siku, nani ana nguvu ya kwenda kibarua, na kuna mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa. Kuwa kwenye malipo ya TASAF hakumwondoi mtu, ila tunalijua na tunalipima.

Kugawa kunafanyika jioni ya siku ya kazi, jirani wa jumuiya akipeleka mzigo kwa baiskeli. Hatupigi picha. Wafadhili wakitaka ushahidi tunawapa nakala ya daftari lenye kilo na idadi ya watu wa kaya, majina yamefunikwa.

Kisha kusaga. Mama aliyepewa kilo 30 na hana hela ya mashine atauza kilo tano ili asage zilizobaki, na huko dukani atapunjwa. Ongeeni na mwenye mashine mapema. Wa kwetu anasaga kwa kadi tunazompa, na sadaka ya Kwaresma inamlipa mwisho wa mwezi. Tunawashauri wasage dona. Kukoboa kunapunguza uzito wa mzigo ambao tayari ni nusu ya mahitaji, ingawa wazee wenye meno mabovu wanapenda sembe na hatugombani nao.

Mifuko ikibaki haijafunguliwa mwishoni mwa Machi, msiiweke mwaka wa pili. Uzeni Aprili mwanzoni, kabla mahindi mapya hayajashusha bei, na hela hiyo inunue mifuko ya msimu ujao pamoja na turubai la kuanikia.